Polinomia mbili za digrii 6 zimetoana, kimebaki kitu cha digrii 2. Digrii nne zimekwenda wapi?

#1 Nafula wa Mbale
Habari zenu wakuu. Niko S5. Mwalimu aliandika ubaoni (x² − 2)³ − (x³ − 3x)² akatuuliza digrii yake ni ngapi, bila kufungua mabano yote. Darasa likagawanyika: wengine 6, wengine 5, mmoja akasema 4. Mwalimu akaandika 2, kengele ikalia, akaondoka.

Nimejaribu kwa x = 10. Upande wa kwanza ni 98³, yaani 941,192. Wa pili ni 970², yaani 940,900. Tofauti ni 292, na 292 ni 3·100 − 8. Kwa hiyo naona jibu ni 3x² − 8. Ninachotaka kujua ni kwa nini. Kila upande una x⁶ ndani yake.

#2 Kalamu Nyekundu
Karibu, binti. Anza na mambo yasiyo na ubishi. Ukizidisha polinomia mbili, digrii zinajumlishwa. Ukiingiza moja ndani ya nyingine, digrii zinazidishwa: x² − 2 ikiingia kwenye "kipeo cha tatu" inatoa 6, na x³ − 3x ikiingia kwenye "kipeo cha pili" inatoa 6. Hapo hakuna kinachoweza kupotea, kwa sababu neno la mbele la zao ni zao la maneno ya mbele, na namba mbili zisizo sifuri hazizai sifuri.

Hatari iko kwenye kujumlisha na kutoa peke yake. Digrii zikitofautiana, kubwa inashinda. Zikilingana, usitamke lolote kabla ya kutazama vizigeu vya mbele. Hapa vyote ni 1, tunatoa, x⁶ inakufa. Halafu unashuka ngazi inayofuata na kuuliza swali lilelile. x⁵ haipo upande wowote. x⁴ ina −6 huku na −6 kule, inakufa pia. x³ haipo. Kwenye x² kuna 12 huku na 9 kule, zinabaki 3. Hapo ndipo unaposimama.

#3 Okello Fundi
Mimi nilifundishwa kwamba neno la mbele likifutika digrii inashuka kwa moja. Mfano (x + 1)³ − x³ ni 3x² + 3x + 1, kutoka 3 hadi 2. Hata jedwali la tofauti tulilokuwa tunachora shuleni linategemea hilo: namba za mchemraba 1, 8, 27, 64, 125, tofauti zake 7, 19, 37, 61, tofauti za hizo 12, 18, 24, halafu 6, 6. Kila safari inashuka ngazi moja. Kwa hiyo hilo swali la mwalimu limepikwa.

#4 Kalamu Nyekundu
@Okello Fundi mfano wako ni sahihi ila umeubebesha mzigo usio wake. Katika f(x + 1) − f(x) ngazi ni moja kwa sababu neno la pili linabeba kizigeu n·a, na hiyo haiwezi kuwa sifuri kwa namba zetu za kawaida. Hiyo ni sifa ya tofauti za namna hiyo. Polinomia mbili zilizokutana tu njiani hazina mkataba wa kushuka ngazi moja. x⁶ + 5 ukitoa x⁶ inabaki 5, umeporomoka ngazi sita kwa mkupuo mmoja.

Kwamba swali limepikwa, nakubali. Nafula anauliza mapishi yenyewe.

#5 Mzee wa Kasese
Wanangu, msizunguke sana. Jibu ni x = √(8/3) na x = −√(8/3). Mmeshaambiwa inabaki 3x² − 8, malizieni.

#6 Nafula wa Mbale
Shikamoo mzee. Hatukuambiwa tutafute x. Swali ni digrii tu.

#7 Kalamu Nyekundu
Mzee amejibu swali jingine, lakini lina faida, nisiache lipite. Mwanafunzi akiona (x² − 2)³ = (x³ − 3x)² anaandika haraka kwamba "mlinganyo ni wa digrii 6 kwa hiyo una majibu sita". Kisha anatafuta manne ambayo hayapo popote, hata kwa namba za kufikirika. Nimesahihisha karatasi nyingi zenye kosa hilo. Digrii ya mlinganyo unaijua baada ya kuhamishia kila kitu upande mmoja na kuona kilichosalia.

#8 Amina Arua
Nadhani jambo lenyewe ni la kawaida kabisa, ni suala la uhuru wa kuchagua vizigeu. Chukua f = x² − 2 na ujifanye hujui g. Andika g = x³ + bx² + hx + d, na utake g² ifuate f³ kadiri inavyowezekana. f³ ni x⁶ − 6x⁴ + 12x² − 8.

Ili x⁵ ife, 2b = 0. Ili x⁴ ife, 2h = −6, basi h ni −3. Ili x³ ife, 2d = 0. Herufi tatu, ngazi tatu, zimekwisha. g imetoka x³ − 3x, ileile ya mwalimu. Kwenye x² huna tena cha kurekebisha, unapokea kinachobaki.

Na hii si bahati ya −2. Weka x² + c yoyote, chagua g = x³ + (3c/2)x, utabaki na (3c²/4)x² + c³. Weka c = −2 uone.

#9 Okello Fundi
Nimeweka. 3·4/4 ni 3, na (−2)³ ni −8. Sawa dada Amina. Lakini kumbe c ikiwa si −2 wala namba shufwa, g inapata sehemu ndani yake. Ndiyo maana mwalimu alichagua −2?

#10 Amina Arua
Namba shufwa yoyote ingetosha. 4 ingempa x³ + 6x. Labda alipenda tu.

#11 Sebo Namba
Hakupenda tu. −2 ina sababu yake, na naona hakuna aliyeigusa.

Ziite f = x² − 2 na g = x³ − 3x. Ingiza g ndani ya f, unapata g² − 2. Ingiza f ndani ya g, unapata f³ − 3f. Fungua zote mbili kwa mkono: zote zinatoka x⁶ − 6x⁴ + 9x² − 2. Ni kitu kimoja! Hizi ni ndugu wa polinomia za Chebyshev, ambazo ukiziingiza moja ndani ya nyingine mpangilio haujalishi. Weka x = t + 1/t: f inakuwa t² + 1/t², g inakuwa t³ + 1/t³. Ya kwanza inapandisha t kwa kipeo cha 2, ya pili kwa kipeo cha 3, na kupandisha kwa 2 kisha 3 ni sawa na 3 kisha 2.

Sasa kwa kuwa g² − 2 = f³ − 3f, basi f³ − g² = 3f − 2. Upande wa kulia una f peke yake, digrii 2. Haya ndiyo maelezo, Nafula. Hukufuta ngazi nne moja moja. Zimeanguka pamoja kwa sababu polinomia hizi mbili zinapatana.

#12 Nafula wa Mbale
Asante sana. 3(x² − 2) − 2 ni 3x² − 8 kweli. Nimefurahi mno kuiona hii.

#13 Amina Arua
Ni nzuri, ila inaeleza −2 pekee. Yangu inaeleza kila c.

#14 Sebo Namba
Kila c isiyo sifuri ni ileile −2 iliyovutwa. Badilisha kipimo cha x na unarudi kwangu. c ikiwa chanya utahitaji namba za kufikirika, lakini aljebra haina shida na hilo.

#15 Taa ya Jinja
Naomba niingie kwa upande wa kompyuta maana hili liliwahi kunitesa kazini. Nilikuwa na fomula inayotoa namba mbili kubwa sana zinazokaribiana, na matokeo yalikuwa hayaeleweki. Ya Nafula ni mfano safi wa ugonjwa huo. Jaribuni:

```
def D(x):
    return (x**2 - 2)**3 - (x**3 - 3*x)**2

print(D(10**6))
print(D(1e6))
```

Mstari wa kwanza unatumia namba kamili, unatoa 2999999999992, ambayo ni 3x² − 8 sawasawa. Wa pili unatumia namba za desimali za kompyuta, zenye tarakimu 15 au 16 tu za kuaminika. Kila upande una ukubwa wa 10³⁶, na karibu na hapo namba mbili zinazofuatana ndani ya kompyuta zimeachana kwa 2⁶⁷, yaani zaidi ya 10²⁰. Jibu la kweli ni kama 3·10¹². Limezama ndani ya pengo. Utapata sifuri au namba ya tarakimu 21, na zote mbili ni uongo.

Dawa ni kufuta kwa kalamu kwanza, halafu ndipo uandike 3*x**2 - 8. Digrii ikishuka sana kwenye karatasi, ujue kompyuta itapoteza tarakimu nyingi vilevile.

#16 Okello Fundi
Taa, hii ndiyo lugha yangu. Spredishiti nayo?

#17 Taa ya Jinja
Ni yaleyale, inatumia desimali hizohizo.

Na @Kalamu Nyekundu, uliposema kwenye zao hakuna kinachopotea, ongeza "kwa namba za kawaida". Sisi wa kompyuta tunahesabu kwa kuzunguka pia. Ukihesabu kwa baki la 4, (2x + 1)² ni 4x² + 4x + 1, na 4 ni sifuri, kwa hiyo inabaki 1. Zao limeshuka kutoka 2 hadi 0 bila kutoa chochote. Na huko kuingiza moja ndani ya nyingine pia kunavunjika, maana hiyo ni x² iliyoingizwa 2x + 1.

#18 Kalamu Nyekundu
Ni kweli, na hata kanuni yangu ya n·a kwenye #4 inaanguka huko. Kwa baki la 3, (x + 1)³ − x³ ni 1 tupu, kwa sababu 3x² na 3x ni sifuri. Nilisema "namba zetu za kawaida" kwa makusudi, Taa, ila ni vizuri umelitaja waziwazi.

#19 Mzee wa Kasese
Lakini je, mtu anaweza kufuta zaidi? Nataka f ya digrii 2 na g ya digrii 3, kibaki x peke yake, au namba tupu. Mmeniambia nimejibu swali jingine, basi na mimi nauliza langu.

#20 Amina Arua
Mzee, kwa x² + c huwezi. Kinachobaki ni (3c²/4)x² + c³. Ili x² ife lazima c iwe sifuri, na hapo c³ inakufa pamoja nayo, unabaki na (x²)³ − (x³)² ambayo ni sifuri kabisa. Ama digrii 2, ama hakuna kitu. Katikati hamna. Na x² + px + q yoyote unaweza kuisogeza ikawa x² + c.

#21 Kalamu Nyekundu
Swali la mzee ndilo lenye uzito kuliko yote humu. Mwaka 1965 Birch, Chowla, Hall na Schinzel waliliuliza kwa digrii zote: f ya digrii 2k, g ya digrii 3k, je f³ − g² inaweza kushuka hadi wapi ikiwa si sifuri? Davenport alijibu mwaka huohuo: haishuki chini ya k + 1. Kwa k = 1 ni 2, kama Amina alivyoonyesha.

Hoja inaingia kwenye ukurasa mmoja, na haitumii kingine ila kanuni za digrii. Iite D = f³ − g². Tafuta derivativu, D′ = 3f²f′ − 2gg′. Sasa zidisha D′ kwa f, na utoe D iliyozidishwa kwa 3f′. f³f′ zinafutana, na kinachobaki kinagawanyika kwa g:

fD′ − 3f′D = g(3f′g − 2fg′)

Tazama pande zote kwa digrii tu. Kushoto, digrii ya D ikiwa d, kila neno lina 2k + d − 1, na zikifutana itakuwa chini ya hapo. Kulia kuna g, kwa hiyo ni 3k au zaidi, mradi mabano si sifuri. Basi 3k haizidi 2k + d − 1, yaani d ni k + 1 au zaidi.

Mabano yakiwa sifuri, f³ ni g² mara namba fulani. Hapo D ni sifuri, au haijafutika chochote na digrii ni 6k.

Nafula, ijaribu kwa ya kwako. 3f′g ni 6x⁴ − 18x². 2fg′ ni 6x⁴ − 18x² + 12. Mabano ni −12. Yameshuka hadi namba tupu, hayawezi kushuka tena, na ndiyo maana 2 ni kikomo.

#22 Nafula wa Mbale
Nimeifanya upande wa kushoto pia: (x² − 2)·6x − 6x(3x² − 8) inatoka −12x³ + 36x. Hiyo ni −12 mara g. Imekubali.

#23 Okello Fundi
Kwa hiyo maelezo ni ya nani sasa? Amina anasema uhuru wa vizigeu, Sebo anasema kupatana, Kalamu anasema derivativu.

#24 Kalamu Nyekundu
Yangu inasema tu sakafu iko wapi. Haisemi kwamba utaifikia.

#25 Amina Arua
Tuipime kwa k = 2 basi, f ya digrii 4. Sakafu ni 3. Chukueni f = x⁴ − 4x na g = x⁶ − 6x³ + 6. f³ ni x¹² − 12x⁹ + 48x⁶ − 64x³. g² ni x¹² − 12x⁹ + 48x⁶ − 72x³ + 36. Kinabaki 8x³ − 36. Imeshuka kutoka 12 hadi 3.

Sebo, niambie hapa nani kapatana na nani? Ingiza f ndani ya g na g ndani ya f, uone kama zinalingana.

#26 Sebo Namba
Hazilingani, sihitaji hata kufungua: moja inaishia na 6, nyingine haiishii na 6. Lakini sijasalimu amri. Ya k = 1 ina sababu ya ndani, na ninaamini hii ina yake. Ona vipeo vyote vya f³ vinarukaruka kwa 3. Kuna mzunguko wa aina fulani humo. Kuhesabu herufi hakuwezi kukuonyesha hilo.

#27 Amina Arua
Kuhesabu herufi kunatoa sakafu ileile ya Davenport. f ina vizigeu 2k vya kuchagua, g ina 3k, jumla 5k. Ondoa kimoja kwa kusogeza x na kimoja kwa kuvuta kipimo, vinabaki 5k − 2. Kutoka ngazi 6k − 1 hadi k + 2 kuna ngazi 5k − 2 za kuua. Zinatoshana sawasawa. Hiyo si bahati.

#28 Kalamu Nyekundu
Si bahati, wala si uthibitisho. Milinganyo 5k − 2 yenye vipeo vikubwa inaweza kukosa jibu, au ikawa na lile tu la f³ = g². Kwamba k + 1 inafikiwa kwa kila k ilichukua muda mrefu: Stothers mwaka 1981, na Zannier mwaka 1995 kwa njia yake. Tena hiyo ni kwa vizigeu vya namba changamano. Ukidai namba kamili au sehemu, ni habari nyingine.

#29 Taa ya Jinja
k = 3 ya namba kamili ipo, nimeipitisha kwenye kompyuta kwa namba kamili, siyo desimali:

f = x⁶ + 8x⁴ + 40x² + 48
g = x⁹ + 12x⁷ + 84x⁵ + 280x³ + 504x

f³ − g² = 3456x⁴ + 22464x² + 110592. Kutoka 18 hadi 4.

#30 Mzee wa Kasese
Nimeikagua mwisho wake kwa kalamu. 48³ ni 110,592. Na x² ni 3·48²·40 kutoa 504², yaani 276,480 − 254,016, inatoka 22,464. Sawa kabisa, kijana.

#31 Sebo Namba
Na vipeo vinarukaruka kwa 2 safari hii. Amina, hesabu yako ya herufi inasemaje juu ya hilo?

#32 Amina Arua
Haisemi. Inasema jibu linawezekana, haisemi litakuwa na sura gani. Lete k = 4 ya namba kamili tuone inarukaruka kwa ngapi.

#33 Nafula wa Mbale
Nitamwonyesha mwalimu Jumatatu. Nitamuuliza pia kwa nini alichagua −2.